Mwendo Unaopotea Mchezo Ukishajengwa
Katika Unity, mlango ambao Animator yake imewekwa Cull Completely husimamisha mwendo wake usipoonekana na kamera yoyote. Ndani ya kihariri, kamera ya dirisha la Scene nayo huhesabiwa, kwa hiyo mlango ulio nyuma ya mchezaji huendelea kufunguka. Mchezo ukishajengwa, kamera hiyo haipo, na mlango hukwama. Kipimo kizuri ni kufunga dirisha la Scene na kujaribu tena. Ukikwama, dawa ni Always Animate, ingawa huongeza kazi ya prosesa.

Usipokwama, huenda klipu yenyewe haimo. Klipu inayopakiwa kwa AssetDatabase, ndani ya `#if UNITY_EDITOR`, huachwa nje. Iunganishwe na Animator Controller inayotumiwa na sini iliyomo kwenye orodha ya ujenzi.