Gawa Maji Kabla Hujaijua Ndoo Yako

Bweni lina wanafunzi 40 na tangi moja la maji. Kila jioni tangi hilo lina lita 800, na desturi ni kwamba anayewahi ndiye anayechota. Wanafunzi kumi wa kidato cha nne, wenye nguvu na madumu makubwa, huondoka na lita 40 kila mmoja. Ishirini wa katikati hupata lita 20. Kumi wa kidato cha kwanza hufika bomba likiwa linatoa upepo.

Waulize wote kama utaratibu huo ni wa haki. Wakubwa watasema nao waliupitia. Wadogo watadai mgawo sawa. Kila mmoja anatetea ndoo yake, na kwa namna hiyo mjadala hauishi.

Mwaka 1971 mwanafalsafa wa Kimarekani John Rawls, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu kuhusu nadharia ya haki, na ndani yake alipendekeza njia ya kuutoa mjadala wa namna hii kwenye mkwamo. Fikiria, alisema, kwamba mnakaa kutunga kanuni mkiwa nyuma ya pazia la kutojua. Hujui utakuwa nani kanuni zikishaanza kazi: tajiri au maskini, mwenye nguvu au mgonjwa, mwenye kipaji au asiye nacho, wa dini hii au ile. Rawls alikuwa na sababu ya kuiwaza bahati. Utotoni wadogo zake wawili walifariki kwa maradhi waliyoambukizwa na yeye, naye akapona.

Pazia halikufanyi mjinga wa kila kitu. Unajua kwamba binadamu wanahitaji maji, kwamba mtu huchoka, kwamba kazi ngumu isiyo na malipo hukosa watu. Usichokijua ni habari zako wewe tu. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Mtu anasema, "Nyuma ya pazia ningechagua anayewahi achote, kwa sababu mimi nina mbio." Huyo tayari amechungulia. Ukitaka kumgundua aliyechungulia, sikiliza sababu yake: ikitegemea jambo linalomhusu yeye peke yake, pazia limeshapasuka.

Sasa turudi bwenini tukiwa nyuma ya pazia. Desturi ya anayewahi inaanguka mara moja, maana huenda ukawa mmoja wa wale kumi wasiopata hata tone. Mgawo sawa unampa kila mtu lita 20, na wengi huishia hapo wakidhani Rawls amesema watu wote wapate sawasawa. Hakusema hivyo. Tuseme wanafunzi wanne wakikubali kuamka alfajiri kusukuma pampu ya mkono, tangi litafikia lita 1,000, lakini hawataamka bila nyongeza. Tukiwapa hao wanne lita 34 kila mmoja, wale 36 waliobaki watapata lita 24 kila mmoja. Usawa umevunjika, lakini aliye chini kabisa amepanda kutoka 20 hadi 24. Tofauti ya namna hii Rawls anaikubali, maadamu nafasi ya kusukuma pampu iko wazi kwa wote na hakuna aliyenyang'anywa uhuru wake wa msingi. Uhuru huo, kama wa kusema na kuabudu, kwake hauuzwi kwa maji wala kwa fedha. (Yeye aliwazia katiba na uchumi wa nchi nzima, bweni ni mfano wangu wa kujifunzia.)

Mpinzani wake mkubwa katika jambo hili alikuwa John Harsanyi, mchumi mzaliwa wa Hungaria. Chukua mpango mwingine: lita 1,200, nusu ya bweni wakipata lita 45 na nusu nyingine 15. Wastani ni lita 30, wakati mpango wa pampu una wastani wa 25. Harsanyi angesema mtu mwenye busara, akijua ana nafasi sawa ya kuwa yeyote, achague wastani mkubwa. Rawls anajibu kwamba huruhusiwi hata kuzijua nafasi hizo, na kwamba unayeweza kumponza ni wewe mwenyewe, maisha yako yote. Mimi naona hoja ya Rawls ina uzito zaidi pale kinachogawanywa ni kitu ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho.

Wamarekani Kaskazini wawili, Norman Frohlich na Joe Oppenheimer, waliwaketisha wanafunzi wa vyuo katika makundi madogo na kuwataka wakubaliane kanuni ya kugawana kipato kabla ya kujua fungu lao. Karibu hakuna kundi lililochagua kanuni ya Rawls. Mengi yalichagua wastani mkubwa, kwa sharti kwamba kuwe na kiwango ambacho hakuna mtu atashuka chini yake. Ukiweka kiwango hicho bwenini kuwa lita 20, mpango wa pampu unapita na ule wa lita 1,200 unakataliwa. Ukikishusha hadi 15, ule wa lita 1,200 unapita na kushinda. Kwa hiyo bweni zima sasa linabishania lita ngapi zinamtosha mtu kunywa, kuoga na kufua shati la kesho.