Bima ya Mwaka Mzima Isimezwe na Juni

Tuchukue kampuni ndogo ya utalii ya kubuni yenye ofisi mjini Arusha na Land Cruiser moja. Gari hilo hupeleka wageni Tarangire na Ngorongoro, na siku nyingine huishia lango la Momella, chini ya Mlima Meru. Tarehe 1 Juni 2025 kampuni inalipa shilingi 4,800,000 kwa bima kubwa itakayoisha 31 Mei 2026. Ada hulipwa kabla kinga haijaanza, hivyo fedha yote inatoka benki siku moja.

Wengi huandika kiasi chote kama gharama ya Juni. Tuseme kabla ya bima, gari limeingiza faida ya shilingi 3,000,000 mwezi huo. Vitabu vitaonyesha hasara ya 1,800,000, ingawa gari limefanya kazi vizuri. Madhara makubwa zaidi huja Aprili, masika yanapopunguza wageni. Gari likibakiza 300,000 kabla ya bima, mwenye kampuni ataamini amepata faida, na huenda akapunguza bei zaidi ili apate safari. Kumbe sehemu ya Aprili ya bima ni 400,000, na ukweli ni kwamba mwezi huo umeleta hasara ya 100,000.

Tiba ni kuitambua ada siku ya malipo kama mali. Kampuni bado inaidai kampuni ya bima miezi 12 ya kinga, kwa hiyo tarehe 1 Juni inaandikwa:

Debiti: Bima iliyolipwa kabla 4,800,000
Krediti: Benki 4,800,000

Kama kampuni imesajiliwa VAT na inaruhusiwa kudai kodi hiyo, VAT itengwe kwanza. Kinachogawanywa ni ada yenyewe. Kisha kila mwisho wa mwezi, kuanzia 30 Juni, linafanywa ingizo la marekebisho:

Debiti: Gharama ya bima 400,000
Krediti: Bima iliyolipwa kabla 400,000

Ingizo hili haliigusi benki, na hiyo ndiyo sababu husahaulika kwa urahisi: hakuna risiti wala hundi ya kumkumbusha mtunza vitabu. Ifikapo 31 Desemba, miezi 7 imetumika. Gharama ya mwaka 2025 ni 2,800,000, na 2,000,000 zinabaki kwenye mizania kwa ajili ya Januari hadi Mei.

Baadhi ya wenye magari huuliza kwa nini Agosti, gari likiwa barabarani karibu kila siku, ibebe sawa na Aprili, gari likiwa limeegeshwa uani. Swali hilo lina haki kwa mafuta na matairi, kwa sababu hayo huliwa na kilomita. Bima kubwa huliwa na muda. Gari likiibwa au kuungua likiwa limeegeshwa Njiro, kinga inafanya kazi kama ambavyo ingefanya kazi njiani kuelekea Serengeti. Kwa hiyo mgawanyo ulio sawa kwa kila mwezi ndio unaofuata hali halisi. Kinga ikianza tarehe 16, Juni ibebe nusu mwezi, 200,000, na nusu iliyobaki iandikwe Juni ya mwaka unaofuata.

Kosa linalostahili kuangaliwa sana hutokea pale malipo yalipoandikwa gharama tangu mwanzo. Hapo marekebisho ya 31 Desemba hugeuka: unadebiti bima iliyolipwa kabla 2,000,000 na kukrediti gharama ya bima kiasi hichohicho. Mtu akifuata ingizo la kawaida bila kutazama malipo yaliingia akaunti ipi, gharama itapanda juu ya ada yenyewe, na akaunti ya mali itaangukia upande wa krediti. Ukiona bima iliyolipwa kabla ina salio la krediti kwenye urari, anza kutafuta hapo.

Kipimo cha kila mwezi ni chepesi. Hesabu miezi iliyobaki kwenye hati ya bima, zidisha kwa 400,000, kisha linganisha na salio la leja. Mwisho wa Machi 2026 imebaki miezi 2, basi leja isome 800,000. Ikisoma 1,200,000, mwezi mmoja umerukwa.

Kipimo hicho hakitoshi gari likiuzwa. Tuseme limeuzwa 28 Februari 2026, leja ikiwa na 1,200,000, na kampuni ya bima ikakubali kurudisha 900,000. Debiti benki 900,000 fedha inapoingia, debiti gharama ya bima 300,000, na krediti bima iliyolipwa kabla 1,200,000. Hizo 300,000 ziandikwe gharama mwezi huohuo, zisiendelee kugawanywa hadi Mei, kwa kuwa kinga haipo tena na hakuna mali ya kuitetea kwenye mizania.