Kuzungusha Mwelekeo Mmoja Hadi Mwingine

Simu janja ikiwa imetulia, kifaa kidogo kilichomo ndani yake cha kupimia mchapuko hutoa namba tatu. Namba hizo ni vekta, yaani mshale wenye urefu na mwelekeo, nao huelekea juu, kinyume na upande ambao dunia inavuta. Katika simu za Android mhimili wa x huenda kuliani mwa skrini, wa y huenda kwenye kichwa cha simu, na wa z hutoka kwenye kioo kumwelekea mtazamaji. Simu iliyolala chali mezani husoma takriban (0, 0, 9.81), na ile iliyosimama wima husoma (0, 9.81, 0). Programu inayotaka kujua simu imekaaje ina kazi moja: kuuchukua mwelekeo uliopimwa, uitwe a, na kutafuta mzunguko utakaoupeleka kwenye mwelekeo wa juu wa dunia, uitwe b, ambao ni (0, 0, 1).

Mizunguko inayofanya kazi hiyo haina idadi. Mshale a ukishafika juu ya b, bado simu inaweza kupigishwa pia kuuzunguka b kwa pembe yoyote na mshale usitoke mahali pake. Ndiyo maana kipima mchapuko peke yake hakiwezi kueleza simu imeelekea kaskazini au mashariki. Hilo huhitaji dira ya sumaku. Katika wingi huo, mzunguko unaochaguliwa kwa kawaida ni ule wenye pembe ndogo kuliko yote, unaoubeba mshale kwa njia ya mkato bila kuongeza msokoto wowote.

Leonhard Euler alionyesha mwaka 1775 kwamba kitu kigumu kilichoshikiliwa katika nukta moja, hata kikigeuzwa vipi, mgeuko wake ni sawa na kuzungushwa mara moja kuuzunguka mhimili fulani. Kwa njia ya mkato, mhimili huo lazima uwe na pembe mraba kwa a na kwa b pia. Hesabu inayoutoa ni zao mtambuka la vekta hizo mbili, linaloandikwa a×b. Zao hilo lenyewe ni vekta, na urefu wake ni saini ya pembe iliyo kati ya a na b, mradi zote mbili ziwe na urefu wa 1. Zao jingine, zao la nukta, hupatikana kwa kuzidisha sehemu zinazolingana na kujumlisha. Hilo ni namba tupu, nalo ni kosaini ya pembe hiyohiyo.

Chukua simu iliyoinuliwa kichwa kidogo, kipimo chake kikawa (0, 5.886, 7.848). Urefu wa vekta hii ni 9.81. Kila sehemu ikigawanywa kwa 9.81, a inakuwa (0, 0.6, 0.8). Zao la nukta la a na b ni 0.8, na zao mtambuka ni (0.6, 0, 0). Mhimili basi ni ule wa x, unaokata skrini kwa upana, na pembe yenye saini 0.6 na kosaini 0.8 ni nyuzi 36.87. Kuhakikisha ni rahisi: ukizunguka mhimili wa x, y mpya ni 0.6 mara 0.8 kutoa 0.8 mara 0.6, yaani sufuri, na z mpya ni 0.36 kujumlisha 0.64, yaani 1. Mshale umefika.

Wengi huishia hapo. Huandika programu inayogawanya a×b kwa urefu wake ili kupata mhimili, kisha huitafuta pembe kutoka kwenye kosaini kwa amri ya acos. Kwa mfano huu inafanya kazi vizuri. Simu ikiwekwa chali mezani, mambo huharibika. Sasa a na b ni kitu kimoja, zao mtambuka ni sufuri, na kompyuta inaagizwa kugawanya sufuri kwa sufuri. Jibu lake ni NaN, alama ya kwamba hakuna namba, nayo huambukiza kila hesabu inayoigusa, hata picha nzima ikatoweka kwenye skrini. Kuna mtego mwingine mdogo zaidi: kwa sababu ya kukata desimali, zao la nukta linaweza kutoka 1.0000001 badala ya 1, na acos haina jibu kwa namba iliyozidi 1. Anayelazimika kuijua pembe yenyewe afadhali atumie atan2, akiipa urefu wa zao mtambuka na zao la nukta kwa pamoja.

Lakini kwa kawaida pembe yenyewe haihitajiki kabisa. Njia bora ni kujumlisha a na b. Mshale unaopatikana hupita katikati ya hizo mbili, na ukigawanywa kwa urefu wake huwa vekta h yenye urefu wa 1, inayoikata pembe nusu kwa nusu. Zao la nukta la a na h ni kosaini ya nusu pembe. Zao mtambuka la a na h ni mhimili uliozidishwa kwa saini ya nusu pembe. Namba hizo nne ndizo hasa zinazoitwa kwaternioni, na ndizo ambazo programu nyingi za michoro hutumia kutunza mzunguko. Kanuni za nusu pembe zilichapishwa na Mfaransa Olinde Rodrigues mwaka 1840, na William Rowan Hamilton wa Dublin akazibuni kwaternioni zenyewe tarehe 16 Oktoba 1843.

Kwa simu yetu, a+b ni (0, 0.6, 1.8), na urefu wake ni 1.897. Kwaternioni inatoka 0.949 kwa namba ya kwanza na (0.316, 0, 0) kwa mhimili, ambazo ni kosaini na saini ya nyuzi 18.43, nusu ya 36.87. Simu ikilazwa chali, h inakuwa sawa na a yenyewe. Namba ya kwanza inatoka 1 na mhimili sufuri, maana yake usizungushe chochote. Hali ya vekta zilizo sawa imejitatua bila sharti lolote kuandikwa.

Hali ya kinyume haijitatui. Simu ikilazwa kifudifudi, a ni (0, 0, -1), na a+b ni sufuri tupu. Hapa kosa si la kanuni. Kutoka chini kwenda juu ni nyuzi 180 kwa njia yoyote ile, na kila mhimili uliolala mlalo unafaa sawasawa na mwingine. Hakuna njia ya mkato moja, kwa hiyo programu inabidi ichague yenyewe mhimili wowote wenye pembe mraba kwa a.

Namna ya kuchagua ndipo penye kosa linalorudiwa sana. Mtu huzidisha a kwa mtambuka na mhimili wa x, anajaribu mara mbili tatu, anaridhika, na programu inakuja kuanguka siku a inapolala juu ya x. Dawa ni kutazama sehemu tatu za a, kutafuta iliyo ndogo kuliko zote bila kujali alama ya kutoa, na kutumia mhimili wa sehemu hiyo. Katika vekta yenye urefu wa 1, sehemu ndogo kabisa haiwezi kuzidi 0.577, kwa hiyo zao mtambuka halitakuwa fupi kuliko 0.816, na kuligawanya kwa urefu wake ni salama daima. Kwa simu iliyo kifudifudi, x inachaguliwa, zao linatoka (0, -1, 0), na simu inapinduliwa nyuzi 180 kuuzunguka mhimili wa y.

```python
from numpy import argmin, cross, dot, zeros
from numpy.linalg import norm

def mzunguko(a, b):      # a na b zina urefu wa 1
    s = a + b
    n = norm(s)
    if n < 1e-6:         # karibu kinyume kabisa
        e = zeros(3)
        e[argmin(abs(a))] = 1
        u = cross(a, e)
        return 0.0, u / norm(u)
    h = s / n
    return dot(a, h), cross(a, h)
```

Kikomo cha 1e-6 kinastahili maelezo. Vekta zikikaribia kuwa kinyume, urefu wa a+b hulingana na pembe iliyobaki kufika nyuzi 180, ikipimwa kwa radiani. Kikomo hicho basi kinapuuza pembe ya sehemu moja ya milioni ya radiani, kiasi kisichoonekana. Programu nyingi hupima kwa 1 kujumlisha zao la nukta, na hiyo hulingana na nusu ya mraba wa pembe iliyobaki. Namba ileile, 1e-6, sasa inapuuza hadi radiani 0.0014, yaani nyuzi 0.08, karibu sehemu ya sita ya upana wa mwezi unavyoonekana angani. Katika mchezo wa kompyuta hilo halina madhara. Kwenye mtambo wa kuelekeza darubini ni kosa kubwa.

Kabla ya yote hayo, urefu wa vekta iliyopimwa unapaswa kukaguliwa. Simu inayoanguka huru husoma karibu sufuri katika mihimili yote mitatu, na vekta ya sufuri haina mwelekeo wa kuzungushwa. Kipimo kama hicho kinatupwa, na mzunguko wa mwisho uliokuwa sahihi unaendelea kutumika.

Linabaki jambo ambalo hakuna kikomo kitakachoondoa. Simu iliyo karibu kifudifudi ikiinama kidogo sana upande wa kichwa, mhimili unaotoka ni wa x. Ikiinama kidogo sana ubavuni, mhimili ni wa y. Mtetemo mdogo wa meza unatosha kuurusha mhimili nyuzi 90, na picha iliyofungwa kwenye mzunguko huo itaonekana ikipiga pia ghafla. Kubadilisha namna ya kuchagua mhimili husogeza tatizo tu, kwa kuwa haiwezekani kuwa na kanuni moja inayochagua mzunguko kwa kila mwelekeo bila kuruka popote. Programu inayotaka mwendo laini hufanya vingine: huzungusha kutoka kipimo kilichopita hadi kipimo kipya, hatua ndogondogo, na kuunganisha hatua hizo. Vipimo viwili vinavyofuatana upesi havifikii kuwa kinyume. Gharama yake ni kwamba mwelekeo wa kaskazini huteleza polepole, na dira huhitajika kuurudisha.

Majaribio ya vekta za kubahatisha karibu kamwe hayafichui kosa, kwa sababu vekta mbili za kubahatisha hazitokei kuwa sawa au kinyume kabisa. Kipimo kinachofaa ni kuchukua mielekeo sita ya mihimili, chanya na hasi, na kuioanisha yote. Zinapatikana jozi 36: sita za vekta zilizo sawa, sita za kinyume, na 24 za pembe mraba. Katika kila jozi a izungushwe na matokeo yalinganishwe na b. Programu inayotoa NaN katika jozi hata moja bado haijakamilika.