Simu Iliyojaa Inapokwama Kwenye Nembo

Simu inatetema, inaonyesha nembo ya kampuni iliyoitengeneza, inazima, kisha inaanza upya. Mwenyewe anaapa kwamba haikuanguka wala haikuingia maji, na jana usiku ilikuwa inapiga na kupokea vizuri. Anachokumbuka ni onyo moja tu la siku nyingi, kwamba nafasi ya kuhifadhi inakaribia kwisha, ambalo amekuwa akiliondoa kila linapotokea.

Onyo hilo halikuhusu picha peke yake. Simu huandika muda wote, hata ikiwa imelala mezani: nani amepiga, programu ipi imepewa ruhusa gani, betri imetumika vipi. Kumbukumbu nyingi za aina hii hutunzwa na SQLite, mfumo mdogo wa hifadhidata uliomo ndani ya Android na iPhone. Kabla ya kubadilisha chochote, SQLite huandika kwanza faili la pembeni, ili betri ikikatika katikati ya kazi kumbukumbu zisiharibike. Pasipokuwa na nafasi ya faili hilo, kazi hukatwa kwa ujumbe huu:

```
database or disk is full
```

Yakiikuta programu ya kawaida, itajifunga tu. Kwenye Android, hatari ni pale yanapoikuta `system_server`, sehemu inayoendesha karibu huduma zote za simu. Ikianguka, programu zote huanguka nayo na mfumo huanza kujiwasha upya. Unapofika hatua ileile unakuta hifadhi bado imejaa, unaanguka tena, na mzunguko unaendelea.

Chukua mfano wa simu ya GB 32 ambayo imebakiwa na MB 300. Kwa kawaida Android huanza kuonya nafasi inaposhuka chini ya MB 500, kwa hiyo onyo limeshatoka. Saa nane usiku WhatsApp hutengeneza nakala ya mazungumzo ndani ya simu, na huweza kutunza nakala za hadi siku saba. Nakala moja ikiwa na MB 150, saba zinapita GB 1. Usiku huohuo simu iko kwenye chaji na Wi-Fi, na Play Store inapakua matoleo mapya ya programu. Toleo jipya lazima lipate pa kukaa kabla la zamani halijaondolewa. Alfajiri MB 300 zinaweza kuwa zimekwisha, ingawa mwenye simu hakugusa kitu.

Hata kabla nafasi haijaisha kabisa, simu huanza kusumbua kwa sababu ya chipu yenyewe. Chipu ya hifadhi haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani. Huandika kwenye ukurasa mtupu, na kufuta hufanyika kwa fungu zima la kurasa kwa pamoja. Fungu likiwa na kurasa ambazo bado zinatumika, sharti kwanza zihamishiwe kwingine. Mafungu matupu yakiwa machache, chipu huhamisha mengi ili kuandika kidogo, na simu inakuwa nzito. Android nayo ina mlinzi wa ndani: huduma muhimu ikikaa bila kujibu kwa takriban sekunde 60, huiua `system_server` ili ianze upya.

Simu ambayo bado inafunguka haifai kuzimwa wala kusasishwa katika hali hiyo. Kinachofaa ni kunakili video kwenye kompyuta, kisha kuzifuta, pamoja na zile zilizo kwenye folda ya `Sent` ya WhatsApp. Baada ya hapo sharti kapu la taka limwagwe pia, kwa kuwa kwenye iPhone, kwa mfano, picha iliyofutwa huendelea kukaa ndani ya `Recently Deleted` kwa siku 30 hivi, ikila nafasi ileile.

Ikishaanza kuzunguka, njia hupungua. Android inaweza kukubali kuwaka kwa `Safe mode`, ambayo huzima programu zilizoongezwa na mwenye simu, na hapo faili zikafutwa. `Wipe cache partition` haisaidii sana, maana haigusi eneo zinakokaa picha na data za programu. Kwenye iPhone iliyounganishwa na kompyuta, fundi hujaribu kwanza `Update`, inayoweka mfumo upya bila kufuta data. `Restore` hufuta kila kitu. Android nayo mwishoni huweza kutoa `Factory data reset`. Simu itapona, lakini picha zisizo na nakala kwingine zitapotea, kwa sababu hifadhi ya simu za sasa imefungwa kwa msimbo na ufunguo wake hufutwa pamoja na data.