Jino halivutwi: kwa nini mizizi hukatikia tayani

Wengi huamini kwamba daktari wa meno hung'oa jino kwa nguvu za kuvuta. Mwanafunzi naye huja na imani hiyohiyo kliniki, na ndiyo chanzo kikubwa cha mizizi inayokatikia ndani. Jino limeshikwa tundumwake na nyuzi fupi ngumu zilizojaa kwenye upenyo wa takriban robo ya milimita kati ya mzizi na mfupa. Kazi halisi ni kuzikata nyuzi hizo na kulitanua tundu. Vikifanyika hivyo viwili, jino hutoka karibu lenyewe.

Jino linalowafundisha wanafunzi somo hili kwa ukali ni gego dogo la kwanza la juu, la nne ukihesabu kutoka katikati ya mdomo. Kwa nje linaonekana dogo, jepesi. Ndani, mara nyingi lina mizizi miwili myembamba, mmoja upande wa shavu na mwingine upande wa kaakaa, iliyoachana karibu na ncha. Tuseme mgonjwa ni mama ambaye jino lake hilo limeoza hadi haliwezi kuzibwa. Kwanza inapigwa picha ya eksirei, mwanafunzi aone mizizi ni mingapi, imepinda wapi, na iko karibu kiasi gani na uwazi wa hewa ulio juu ya taya. Kisha ganzi inachomwa upande wa shavu na upande wa kaakaa. Kabla ya kugusa jino, fizi hujaribiwa kwa kifaa chenye ncha. Mama huambiwa mapema: "Mama, utasikia unakandamizwa, lakini ukisikia maumivu inua mkono." Asipoambiwa hivyo, mkandamizo wa kwanza utamshtua, ageuze kichwa, na mzizi uvunjike.

Baada ya fizi kuachanishwa na jino, huingia elevata, chuma chenye mpini mnene na ubapa mwembamba. Ubapa huo huwekwa kati ya mzizi na mfupa, kisha mpini huzungushwa taratibu na kushikiliwa hapo kwa sekunde kadhaa, mfupa upate muda wa kulegea. Hapa kuna kosa la kawaida: kuegemeza elevata kwenye jino la jirani. Jirani hulegea, au kizibo chake hung'oka. Egemeo lazima liwe mfupa. Kidole cha shahada nacho hukaa karibu na ncha ya chuma, ili kikiteleza kisichome kaakaa au ulimi.

Jino likishaanza kucheza, ndipo koleo linaposhika. Midomo yake husukumwa chini ya fizi hadi ishike mzizi wenyewe, sambamba na urefu wa jino. Sababu yake ataielewa yeyote aliyewahi kung'oa nguzo ya uzio: ukiisukuma kutoka juu, hugeukia sehemu iliyo karibu na uso wa ardhi na kuvunjikia hapo, ukiishika chini, hugeuka karibu na ncha yake na ardhi hufunguka. Kwa hiyo nguvu ya kwanza ya koleo ni kusukuma kuelekea ncha ya mzizi, na haiachwi muda wote wa kazi.

Kisha jino husukumwa pole kuelekea shavuni, hushikiliwa, hurudishwa kidogo kuelekea kaakaa, halafu shavuni tena, kila safari mbali kidogo zaidi. Shavuni ndiko kunakopewa nguvu kubwa, kwa kuwa mfupa wa huko ni mwembamba. Tena mzizi wa shavuni ukikatika ni rahisi kuufikia. Wa kaakaa ni taabu. Kulizungusha jino hili ni mwiko. Kuzungusha kunafaa jino lenye mzizi mmoja wa mviringo, kama lile la mbele katikati ya juu. Mizizi miwili ikizungushwa husokotana na kukatika.

Muda wote huo mkono wa pili umeshika taya kwa kidole gumba na cha shahada, pande zote mbili za jino. Naamini mkono huo ndio mwalimu bora, kwani ndio unaohisi mfupa ukitanuka. Usipohisi chochote baada ya dakika kadhaa, usiongeze nguvu: rudi kwenye elevata, au mwite msimamizi, kwani huenda fizi ikapaswa kufunguliwa na mizizi kutenganishwa kwa mashine.

Jino likitoka, hutazamwa kabla hata ya kumpa mama gozi ya kung'ata. Ncha nzima ni laini, imefifia mviringo. Iliyokatika ina ukingo mkali, na katikati yake huonekana kitone cheusi cha mfereji wa neva. Kipande kidogo cha milimita tatu au nne, kisicho na usaha na kilichozama karibu na uwazi wa hewa, wakati mwingine ni salama zaidi kukiacha kuliko kukichimba. Lakini hupigwa picha, huandikwa kwenye faili, na mama huambiwa wazi kwamba kimebaki na arudi lini kuangaliwa.