Mbwa wanaopasua mifuko ya takataka: tufanye nini kwenye lupango letu?



Katika vikundi vyetu lalamiko moja linarudi. Jioni mama anafunga takataka kwenye mfuko na kuuweka kando ya mlango wa lupango. Asubuhi mfuko umepasuliwa, vichwa vya samaki vimetapakaa hadi barabarani, na mbwa watatu au wanne wamelala pale pale. Watoto wanaokwenda shule au kuchota maji wanaogopa kupita. Wengine wanakimbia, na mbwa wanawafuata.

Wengi wanasema dawa ni mawe, fimbo au sumu. Sisi tunasema tuanze na kile kinachowaleta. Mbwa haji kwa sababu ya takataka zote. Majivu, maganda ya muhogo na mifuko mitupu havimshughulishi sana. Anafuata harufu ya matumbo na vichwa vya samaki, mifupa, na ugali uliobaki. Huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, samaki ndiye chakula cha kila siku, kwa hiyo harufu hiyo iko karibu kila lupango. Mbwa akikuta chakula hapo leo, kesho atarudi, na atawaletea wenzake njia.

Tuchukue lupango lenye nyumba nne zinazotumia mlango mmoja. Kazi ya kwanza ni kutenganisha. Mabaki ya samaki na ya chakula yaingie kwenye ndoo moja yenye kifuniko kinachobana, na kila mara yanapomwagwa humo yafunikwe na konzi mbili za majivu ya jikoni. Majivu yanakausha maji maji na kupunguza harufu na inzi. Yawe yamepoa kabisa, maana kaa moja la moto linatosha kutoboa ndoo ya plastiki. Takataka nyingine zikae kwenye mfuko wao. Usiku ndoo iingie ndani ya jiko au itundikwe juu, mahali mbwa akisimama kwa miguu miwili hafiki.

Kazi ya pili ni shimo. Nyumba nne zichimbe shimo moja la mita moja kwenda chini, mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima. Karibu na ziwa maji yako juu, kwa hiyo mkiona udongo wa chini umelowa, msiendelee kuchimba. Kila siku mwaga ndoo, kisha weka udongo wa unene wa kiganja cha mkono. Funika mdomo wa shimo kwa bati na mawe mazito. Shimo likifika nusu, jazeni udongo mtupu hadi juu na kuukanyaga vizuri, halafu chimbeni lingine. Nusu mita ya udongo juu ya matumbo ya samaki ndiyo inayomshinda mbwa. Shimo la kina cha goti litafukuliwa usiku huo huo.

Kama kuna mahali pa kupelekea takataka, mfuko utolewe asubuhi, si jioni. Usiku ni saa za mbwa.

Kazi ya tatu ni ua. Angalieni chini ya ua wa matete na pembeni mwa mlango. Mbwa ana njia yake, na utaitambua kwa udongo uliolainika na manyoya yaliyonasa. Zibeni tundu hilo kwa mawe makubwa au matawi ya miiba. Akiingia wakati mko nje, mtu mzima amwagie maji na kupiga sufuria, huku akimwachia nafasi ya kutoka. Mbwa aliyebanwa kwenye kona ndiye anayeuma. Msimwagie pilipili wala maji ya moto, kwani maumivu humfanya awe mkali zaidi kwa watoto.

Kwa siku kadhaa mbwa wataendelea kuja kukagua. Msife moyo. Lakini nyumba moja kati ya nne ikiacha ndoo wazi, kazi ya nyumba tatu imeharibika. Ndiyo maana jambo hili ni la lupango zima, na vizuri zaidi la avenyu nzima.

Kuhusu sumu, tunaomba sana isitumike. Nyama yenye dawa ya panya au ya mashamba inaokotwa na kuku, paka, na mtoto mdogo anayetambaa. Tena, mbwa akifa na takataka zikabaki, mbwa mwingine anachukua nafasi yake. Kisiwani Pemba, Tanzania, kampeni za kuchanja mbwa zilikata kichaa cha mbwa mwaka 2014. Ugonjwa uliporudishwa kutoka nje mwaka 2016, walichanja tena, na kufikia mwisho wa 2018 ulikuwa umezimwa. Mbwa aliyechanjwa na kubaki mtaani anawalinda watu.

Watoto tuwafundishe mambo mawili, kwa kucheza nao nyumbani. Mbwa akija, simama kama mti: mikono chini, kimya, usimtazame machoni, usikimbie. Mbwa akikuangusha, kuwa kama jiwe: jikunje, funika shingo na masikio kwa mikono. Na kamwe wasimsogelee mbwa anayekula wala mwenye watoto.

Mtoto akiumwa, au akikwaruzwa, au mate ya mbwa yakigusa kidonda, osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Sabuni ya kufulia inafaa. Usipake mafuta wala majani, na usiweke jiwe jeusi: halitoi kichaa cha mbwa. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo inamwokoa ikianza mapema. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Tunawaomba viongozi wa vikundi wamwulize muuguzi mkuu tangu sasa kama chanjo ipo kituoni, na kama haipo, inapatikana wapi. Swali hilo lisingoje mtoto aumwe. Mbwa aliyeuma, kama ana mwenyewe, afungwe na kuangaliwa siku 10. Asiuawe haraka, kwa sababu akibaki mzima siku hizo zote, muuguzi anajua kwamba hakuwa na kichaa siku aliyouma.

Nani aambiwe? Mbwa wakizidi, anzeni na shefu wa avenyu au wa kijiji, mkiwa wawili au watatu. Mwelezeni mahali, saa na idadi ya mbwa. Takataka zilizorundikana barabarani au sokoni ni za huduma ya usafi na mazingira ya komini. Chanjo ya mbwa, na mbwa anayetoa udenda, anayeyumba au kuuma bila kuchokozwa, ni vya veterineri wa huduma ya ufugaji. Mbwa wa namna hiyo msimguse. Waiteni watoto ndani kwanza, kisha mtu mzima atoe habari. Mtu aliyeumwa ni wa kituo cha afya, na releko wa mtaa wenu aambiwe pia ili zoni ya afya ipate habari.

Na wewe mama unayefuga mbwa, mfunge mchana, mlishe nyumbani, na umwulize veterineri siku ya chanjo. Mbwa anayeshiba kwa mwenyewe hana haja kubwa ya kutafuta mfuko wa jirani.