Lita 620, Lita 380: Unyumbufu wa Bei Katika Soko la Maziwa ya Ngamia

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi mjini Garissa hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa unyumbufu wa mahitaji. Akina mama wanaouza maziwa ya ngamia mjini hupandisha na kushusha bei kulingana na mvua, na wateja wao huitikia siku hiyo hiyo. Basi tuseme mwalimu ametoa kazi hii, kwa takwimu za kubuni ili hesabu iwe nyepesi: lita moja ikiuzwa shilingi 120, kikundi kimoja cha akina mama huuza lita 620 kwa siku. Magari ya maziwa yanapopungua na bei kupanda hadi shilingi 180, wanauza lita 380. Kokotoa unyumbufu wa mahitaji kwa bei, kisha ueleze maana yake.

Wanafunzi wengi huanza na asilimia waliyoizoea tangu shule ya msingi, ile ya kugawanya badiliko kwa kiasi cha mwanzo. Bei imepanda kwa 60 juu ya 120, yaani asilimia 50. Lita zimepungua kwa 240 kutoka 620, yaani asilimia 38.7. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata 0.77. Namba iko chini ya 1, kwa hiyo mwanafunzi anaandika kwamba mahitaji si nyumbufu, wateja hawajali sana bei.

Sasa mpe mwenzake takwimu zile zile, ila yeye aambiwe kwamba mvua imenyesha na bei imeshuka kutoka 180 hadi 120. Bei imepungua kwa asilimia 33.3, lita zimeongezeka kwa asilimia 63.2, na jibu ni 1.89. Huyu ataandika kwamba mahitaji ni nyumbufu sana. Soko ni moja, wateja ni wale wale, bei ni zile zile mbili, lakini hukumu zimepingana kwa sababu mmoja ameanzia juu na mwingine ameanzia chini.

Njia ya kati inaondoa mgongano huo kwa kukataa kuchagua mwanzo. Dhana ya unyumbufu iliwekwa wazi na Alfred Marshall mwaka 1890 kwa mabadiliko madogo mno, ambayo kwayo mwanzo na mwisho karibu ni kitu kimoja. Bei inaporuka kutoka 120 hadi 180, si kitu kimoja tena. Kwa hiyo badiliko la kila upande linagawanywa kwa wastani wa namba zake mbili:

```
E = [(Q2 - Q1) / ((Q1 + Q2)/2)] / [(P2 - P1) / ((P1 + P2)/2)]
```

Q ni kiasi kinachonunuliwa, P ni bei. Wastani wa lita ni 500, na -240 kwa 500 ni asilimia -48. Wastani wa bei ni shilingi 150, na 60 kwa 150 ni asilimia 40. Gawanya -48 kwa 40: unyumbufu ni -1.2. Geuza safari, anza na 180 urudi 120, utapata -1.2 tena. Alama ya kutoa inasema tu kwamba bei na kiasi vimekwenda pande tofauti, na vitabu vingi huiacha wakati wa kulinganisha na 1. Kosa ninalolikuta mara nyingi hapa ni kupindua sehemu, bei ikawekwa juu na kiasi chini. Jibu linakuwa 0.83 na hukumu yote inageuka.

Utajuaje kwamba 1.2 ndiyo kweli na wala si 0.77? Hesabu mauzo. Shilingi 120 mara lita 620 ni 74,400. Shilingi 180 mara lita 380 ni 68,400. Bei imepanda na mapato yamepungua kwa shilingi 6,000, na hiyo ndiyo maana ya mahitaji kuwa nyumbufu. Huu si mfano uliobahatika. Ukiifungua kanuni ya njia ya kati kwa aljebra, utaona kwamba jibu linazidi 1 pale tu ambapo mapato ya bei ya juu ni madogo kuliko ya bei ya chini. Mwanafunzi anayeufahamu ukweli huu anaweza kujisahihisha kabla ya kukabidhi kazi: namba yake ikigombana na mapato, kuna mahali amekosea.

Hata hivyo 0.77 haikutoka hewani. Tukichukulia kwamba mahitaji yanafuata mstari mnyoofu kati ya nukta zetu mbili, basi 0.77 ni unyumbufu pale pale kwenye shilingi 120, na 1.89 ni ule wa kwenye 180. Mama aliyeko kwenye 120 akipandisha kidogo, tuseme hadi 130, mapato yake yataongezeka. Kilele kiko karibu na shilingi 137, na baada ya hapo anaanza kupoteza. Hiyo 1.2 ni kipimo cha safari nzima, haisemi lolote kuhusu bei ya 250. Wala usiitumie pamoja na asilimia ya kawaida. Ukisema bei imepanda kwa asilimia 50, mara 1.2, basi lita zimepungua kwa asilimia 60, utapata lita 248, ilhali tunajua ziliuzwa 380.

Maelezo ya namba yanahitaji kujua nini kinahesabiwa. Kikundi hiki kikipandisha bei peke yake, wateja watahamia kwa jirani na unyumbufu utakuwa mkubwa. Wauzaji wote wa maziwa ya ngamia mjini wakipandisha pamoja, mnunuzi anabaki na maziwa ya ng'ombe au ya pakiti, na wapo wasiokubali chai ya maziwa hayo, kwa hiyo unyumbufu unapungua. Hesabu pia lita zilizonunuliwa, si zilizoletwa. Maziwa yaliyobaki yakaachwa yachachuke kuwa susa ni bidhaa nyingine yenye bei yake.

Tatizo kubwa zaidi liko nje ya kanuni. Njia ya kati inadai kwamba kilichobadilika ni bei, na hamu pamoja na kipato cha wanunuzi vimebaki palepale. Ukame mfupi unaopunguza maziwa unakaribia sharti hilo. Ukame mrefu hauko hivyo: mifugo inakonda, mapato ya wafugaji yanaanguka, na lita zinapungua kwa sababu ya bei na kwa sababu ya mifuko mitupu. Namba utakayopata itachanganya mambo mawili na kuyaita moja. Mwezi wa Ramadhani unaonyesha jambo hili wazi zaidi, kwa kuwa maziwa hutafutwa sana wakati wa kufuturu, na bei na lita zinaweza kupanda pamoja. Kanuni itakupa jibu chanya. Usiandike kwamba watu wa Garissa hununua zaidi bei ikipanda. Andika kwamba mahitaji yenyewe yamehama, na kwamba kwa takwimu hizo unyumbufu wa bei haupimiki.